Wasimamizi watatu, kundi moja

Katika kundi la WhatsApp, wasimamizi wote wana mamlaka yanayokaribia kulingana. Programu haimtambui mtoa matangazo wala mlinzi wa nidhamu, kwa hiyo mgawanyo wa kazi hutegemea makubaliano yao wenyewe.

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa chenye wasimamizi watatu. Katibu pekee ndiye hutangaza, na kila tangazo hulibandika juu ya mazungumzo. Msimamizi wa pili hufuta ujumbe usiofaa na kuonya wahusika. Mweka hazina hujibu maswali, lakini kwa yale tu yaliyokwisha kutangazwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kulishika. Tuseme mwanachama anamwuliza mweka hazina faraghani kama anaweza kuchanga tarehe 10 badala ya 5, naye kwa huruma anakubali. Mwenzake aliyelipa tarehe 5 akisikia, atadai haki ileile, na katibu ataonekana mwongo. Jibu salama ni kurudia tangazo, kisha kulipeleka ombi kwenye kundi dogo la wasimamizi. Wakikubaliana, katibu hutoa tangazo jipya na kuliondoa la zamani pale juu. Dalili ya mgawanyo kulegea ni swali moja kuulizwa kwa wasimamizi wawili: wanachama wameanza kutafuta jibu laini.

Kila kazi huhitaji pia msaidizi aliyetajwa kwenye maelezo ya kundi, maana katibu akisafiri, wawili waliobaki huweza kutangaza kwa pamoja, kila mmoja na saa yake ya mkutano.