Saruji Stoo: Iagizwe Lini, Mifuko Mingapi?

Kiwango cha kuagiza upya ni idadi ya bidhaa ambayo, stoo ikishafikia hapo, oda mpya inatakiwa kutumwa. Kiasi nafuu cha kuagiza ni ukubwa wa oda unaofanya gharama za mwaka mzima ziwe ndogo kuliko kwa ukubwa mwingine wowote. Cha kwanza kinajibu swali la lini, cha pili swali la kiasi gani, na kila kimoja kina hesabu yake.

Mfano ni duka la vifaa vya ujenzi linalouza mifuko 7,200 ya saruji kwa mwaka. Likifunguliwa siku 300, wastani wa mauzo ni mifuko 24 kwa siku. Kila oda inaligharimu duka shilingi 50,000: simu, safari ya kwenda kulipa, na muda wa kukagua na kupokea mzigo. Gharama hii haibadiliki, iwe oda ni kubwa au ndogo. Nauli na upakiaji vinavyolipwa kwa mfuko haviingii humu, kwa kuwa jumla yake kwa mwaka ni ileile hata oda zigawanywe vipi. Kutunza mfuko mmoja stoo kwa mwaka kunagharimu shilingi 2,000, zikiwemo kodi ya stoo, ulinzi, mifuko inayopasuka na fedha iliyolala ndani ya mzigo.

Gharama hizi mbili huvutana. Duka likiagiza mifuko 300 kila mara, litatuma oda 24 kwa mwaka, sawa na shilingi 1,200,000. Kwa kuwa mzigo hupungua kidogo kidogo kutoka 300 hadi sifuri, wastani wa mifuko iliyopo ni 150, na kuitunza ni shilingi 300,000. Jumla ni 1,500,000. Likiagiza 1,200 kwa mkupuo, oda zinakuwa 6 tu, yaani shilingi 300,000, lakini utunzaji unapanda hadi 1,200,000. Jumla inarudi palepale.

Nafuu iko katikati, pale gharama za kuagiza zinapolingana na za kutunza. Kanuni ya kupapata, iliyochapishwa na mhandisi Mmarekani Ford W. Harris mwaka 1913, inazidisha mbili kwa mahitaji ya mwaka na kwa gharama ya oda moja, inagawanya kwa gharama ya kutunza kimoja, kisha inatafuta kipeuo cha pili:

√(2 × 7,200 × 50,000 ÷ 2,000) = √360,000 = 600

Duka liagize mifuko 600, mara 12 kwa mwaka. Kuagiza kutagharimu shilingi 600,000, kutunza 600,000, jumla 1,200,000. Jibu hili si la kushikilia kwa ukali: kwa oda za mifuko 500 jumla ni 1,220,000, tofauti ya shilingi 20,000 tu. Kwa hiyo oda inaweza kurekebishwa ili ilingane na ujazo wa lori bila hasara kubwa.

Swali la lini hutegemea muda wa kusubiri mzigo. Kwa kawaida saruji hufika baada ya siku 5 za kazi, ikichelewa sana siku 7. Msimu wa ujenzi ukipamba moto, mauzo hufika mifuko 36 kwa siku. Kiwango cha kuagiza upya huchukua hali ngumu zaidi ya pande zote mbili: 36 × 7 = 252. Katika siku za kawaida, mifuko 24 × 5 = 120 itauzwa kabla mzigo haujafika, na 132 itabaki. Hiyo ndiyo akiba ya tahadhari. Kuitunza kunaongeza shilingi 264,000 kwa mwaka, ambayo ni bei ya kutoishiwa.

Kosa la kawaida ni kuhesabu mifuko inayoonekana pekee. Stoo ikiwa na 300 lakini mteja ameshalipia 80 ambayo hajaichukua, mifuko ya kuuza ni 220, na oda tayari imechelewa. Kinyume chake, mzigo ulioagizwa na uko njiani hujumlishwa, la sivyo oda hutumwa mara mbili.

Kanuni ya Harris huchukulia kwamba mauzo ni ya mfululizo na bei ni moja. Msambazaji akipunguza shilingi 300 kwa kila mfuko kwa oda ya 1,200, duka litaokoa 2,160,000 kwa mwaka na kuongeza gharama ya 300,000 tu. Punguzo linafaa, mradi mtaji na nafasi vipo. Hata hivyo saruji hupoteza nguvu ikikaa, hasa ikipita miezi mitatu. Mifuko 1,200 huchukua siku 50 za kazi kuisha, hivyo bado iko ndani ya muda huo, ilimradi iliyotangulia kuingia ndiyo itangulie kutoka, pamoja na ile ya akiba.