Kabla ya Kutaja Bei ya Nyanya

Hoteli ya Zanzibar inapokuulizia nyanya za jumla, fomu yako ya maombi ya bei isiishie kwenye jina na simu. Iulize kilo ngapi kwa wiki. Tenga halifai, maana kila mtu hulijaza apendavyo. Iulize pia ukubwa, kiwango cha kuiva, na nani anabeba hasara ya zitakazokataliwa mlangoni. Hapo ndipo wengi huumia. Tuseme kilo 100 zimekugharimu shilingi 150,000 hadi stoo ya hoteli, mpokeaji akakataa 10. Kila kilo iliyopokelewa imekugharimu karibu shilingi 1,667, si 1,500, na faida ihesabiwe juu ya hiyo. Supamaketi nyingi hutaka mkopo, kwa hiyo siku za malipo ziandikwe, pamoja na tarehe ambayo bei yako itakoma.