"Mpaka Ujue": Binti anayejifunza ususi awekewe tarehe ya kumaliza

Kamati yetu ililetewa shauri na mama mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga. Binti yake, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa ametimiza miaka miwili akijifunza kazi katika saluni ndogo ya kike mtaani. Alianza kwa kufagia na kufumua nywele za wateja. Hatimaye akawa anasuka vichwa vizima peke yake. Malipo yake yalikuwa nauli, tena siku mojamoja. Kila alipouliza atamaliza lini, alijibiwa: "Mpaka ujue."

Tulimwita mwenye saluni, tukamsikiliza. Hakuwa mtu dhalimu. Naye alifundishwa hivyo hivyo, na alieleza hasara zake: mafuta yanayomwagika, wateja wanaokasirika, na hofu kwamba binti akihitimu atafungua saluni ng'ambo ya barabara. Hata hivyo, tuliona kasoro iko katika neno hilo "mpaka ujue". Anayeamua kuwa binti amejua ndiye anayefaidika akionekana bado hajajua. Nabii Musa (a.s.) alipokubali kazi kwa yule mzee wa Madyan, muda ulitajwa tangu mwanzo: miaka minane, na kutimiza kumi ikiwa hiari yake.

Kwa kuwa alikuwa na binti mwingine aliyetaka kuanza, tulikaa na pande mbili tukaandika makubaliano ya miezi tisa, yenye hatua tatu.

Miezi mitatu ya kwanza ni ya kufumua, kuosha, kuseti kwa rola na kusafisha vitana. Kipimo chake ni kwamba afumue rasta bila kukata nywele za mteja, na mteja atoke bila povu kichwani. Posho ni shilingi 2,000 kwa siku ya kazi. Miezi mitatu ya pili ni ya kusuka. Njia ziwe zimenyooka, misuko ilingane, na nywele za kwenye paji zisivutwe hadi vipele vitokeze. Posho inapanda kuwa shilingi 3,000.

Hatua ya tatu ni dawa ya kulainisha nywele, nayo huja mwisho kwa sababu dawa hiyo huunguza. Binti ajue kumuuliza mteja kama amejikuna au amefumua karibuni, kwani ngozi iliyochubuka haipakwi dawa. Apake mafuta mazito masikioni na pembezoni mwa nywele, avae glovu, ajaribu kwanza kwenye fungu dogo la nywele, na aangalie saa. Mteja akisema inawasha, asuuze papo hapo. Dawa ikishatoka yote kwa maji, ndipo atumie shampuu maalumu ya kuikata nguvu. Katika hatua hii posho hubaki 3,000, na kwa kila kichwa anachokifanya peke yake hupata robo ya fedha ya ufundi baada ya kutoa gharama ya vifaa. Ufundi ukiwa shilingi 20,000, yeye hupata 5,000.

Mwenye saluni aliuliza posho itatoka wapi. Tulihesabu pamoja. Siku sita kwa shilingi 2,000 ni 12,000 kwa wiki. Binti anapofumua na kuosha, mikono ya fundi inabaki huru kusuka. Akipata kichwa kimoja tu cha ziada kwa wiki, chenye ufundi wa shilingi 20,000, posho imelipika. Ikiwa wateja ni wachache kiasi cha kutopata hata hicho, saluni hiyo haina kazi ya kumfundishia mtu, na ni heri asichukue mwanafunzi.

Tarehe ya mwisho iliandikwa kwa siku na mwezi. Siku ambazo binti hakufika bila udhuru atazifidia. Lakini ikiwa hakufundishwa kwa kukosekana wateja au vifaa, muda hauongezwi bure: akibaki, abaki kwa mshahara. Tuliepuka pia kuiweka tarehe mara tu baada ya Idi, kwa kuwa msimu wa hina na maharusi humshawishi mwenye kazi kumzuia mwanafunzi kidogo zaidi. Kila hatua hupimwa na fundi wa saluni nyingine, mbele ya mzazi. Kuhusu hofu ya ushindani, walikubaliana kuwa binti hatawaita wateja wa saluni hiyo kwa simu zao. Kufungua kazi yake hakukukatazwa.

Karatasi hiyo ilisainiwa nakala mbili. Binti akimaliza, anaweza pia kuomba VETA wampime ujuzi alioupata kazini na kumpa cheti.

Yule wa kwanza, aliyekaa miaka miwili, hakuanzishwa upya. Alipimwa siku moja, akafaulu kusuka, na sasa analipwa kwa kila kichwa.