Uvira: kipimo kilekile cha kipindupindu, majibu mawili tofauti

Wanafunzi wa afya ya jamii wanalijua swali hili. Linaanza hivi: kipimo cha haraka cha kipindupindu kina unyeti wa 90% na umahususi wa 90%. Mgonjwa amepimwa, kipimo kimetoa jibu chanya. Je, kuna uwezekano gani kwamba ana kipindupindu kweli? Wengi huandika 90% haraka na kugeuza ukurasa. Hapo alama zinapotea.

Uvira ni mahali pazuri pa kulielewa swali hili, kwa sababu kolera haiondoki kabisa kwenye mwambao huu. Maji ya bomba yakikatika, watu hurudi ziwani na mitoni kuchota. Lakini si kila anayefika na kuhara maji kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu ana ugonjwa huo. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa kituo cha Uvira na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta vijidudu vingine vingi vya kuharisha tumboni mwao.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba nimezichagua mimi ili ziwe rahisi. Ni msimu wa mlipuko, wagonjwa 200 wamefika, na 80 kati yao wana kipindupindu kweli. Unyeti ni uwezo wa kipimo kuwanasa wenye ugonjwa: 90% ya 80 ni 72, kwa hiyo wagonjwa 8 wameponyoka. Umahususi ni uwezo wa kuwaachia wasio na ugonjwa: kati ya wale 120 waliobaki, 108 wanapata jibu hasi na 12 wanasingiziwa.

Sasa wahesabu wote wenye jibu chanya: 72 na 12, jumla 84. Wagonjwa wa kweli ni 72 kati ya 84, karibu 86%. Hiyo ndiyo thamani ya utabiri ya jibu chanya, na ndiyo swali lililoulizwa.

Halafu mlipuko unapita. Watu 1,000 wenye kuharisha wanapimwa kwa kipimo kilekile, kutoka boksi lilelile, lakini safari hii 20 tu ndio wana kipindupindu. Kipimo kinawanasa 18. Kati ya wale 980 wengine, 98 wanasingiziwa. Majibu chanya ni 116, ya kweli ni 18. Hiyo ni karibu 16%. Kipimo hakikuharibika, kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Kosa la mwanafunzi linaonekana ukimuuliza: kati ya nani? Unyeti unaanza na wagonjwa na kuuliza wangapi wamepata jibu chanya. Thamani ya utabiri inaanza na majibu chanya na kuuliza wangapi ni wagonjwa. Ni kama kusema wavuvi wengi wa Kalundu wana mitumbwi, kisha kudhani kila mwenye mtumbwi ni mvuvi.

Kwa muuguzi hesabu hii si ya karatasi tu. Wale 8 walioponyoka ni watu wanaoweza kukaukiwa maji na kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana mgonjwa hatibiwi kwa kuangalia mstari kwenye kijikaratasi. Anatibiwa kwa kuangalia alivyokaukiwa: macho yaliyozama, ngozi isiyorudi haraka ikibanwa. Maji ya chumvichumvi au dripu havisubiri kipimo. Kipimo cha haraka kinasaidia zaidi kuupima mji wenyewe: je, mlipuko umeanza, umesambaa hadi wapi?

Na kwa swali hilo la mji, jibu chanya moja katika kipindi cha utulivu ni sababu ya kupeleka sampuli maabara ioteshwe, kabla ya kutangaza mlipuko. Zikija chanya tano kutoka mtaa mmoja wiki hiyohiyo, mambo ni mengine, maana huenda kiwango cha ugonjwa pale kimeshapanda.

Kuna jambo moja ambalo mitihani hulipita. Ile 90% ya umahususi imepimwa kwa kulinganishwa na nini? Mara nyingi ni na maabara inayootesha bakteria, na maabara nayo hukosa. Mgonjwa aliyemeza vidonge vya doksisiklini nyumbani kabla ya kuja anaweza kuwa na bakteria wasiootesheka tena, huku chembe zao bado zikionekana kwenye kipimo cha haraka. Maabara itasema hana, kipimo kitasema anayo, na kwenye jedwali kipimo ndicho kitakachoandikwa kuwa kimesingizia. Kwa hiyo baadhi ya wale 12 wetu wanaweza kuwa wagonjwa kweli.