Nusu ya Faida Inapotosha
Kwenye soko la opsheni la Marekani, muuzaji hupokea pesa kwanza. Tuseme ameuza opsheni ya kuuza hisa 100, akanunua nyingine ya bei iliyo chini kwa dola 5, akabakiwa na dola 150. Mambo yakiharibika kabisa, atapoteza 350.

Bei ya hisa inapanda, na sasa kuifunga biashara kunagharimu 75. Akisubiri 75 zilizobaki, anahatarisha 425: zile 350 pamoja na faida aliyokwisha kuipata. Mwanzoni, kwa kupata yote au kupoteza yote, alihitaji kushinda mara 70 kati ya 100 ili asipate hasara, sasa 85. Mimi ningefunga, nikaachilia dhamana, ingawa kamisheni hulipwa tena na hasara moja kamili hufuta nusu-faida zaidi ya nne.