Barua ya Lori Lililoibiwa na Shehena Yake

Katika kazi ya uchukuzi hakuna barua nzito kama ile inayoanza kwa maneno haya: "Tunasikitika kuwaarifu kwamba lori letu limeibiwa usiku wa kuamkia leo likiwa na shehena kamili, na tunaomba mtuelekeze kwa haraka la kufanya." Barua kama hiyo huandikwa na mtu aliyepigwa na butwaa. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula na bidhaa zinazotumika Unguja na Pemba husafiri kwanza kwa barabara za Bara kabla ya kupakiwa chomboni, kadhia ya lori linaloibiwa huko mbali hufika hadi dukani kwetu. Tunaona ni wajibu wetu kueleza leo barua hiyo iandikweje, na kwa nini namna ya kuiandika huamua nani atabeba hasara.

Tuchukue mfano. Kampuni ya uchukuzi imepakia Ifakara magunia 300 ya mchele, kila gunia kilo 100, ya mfanyabiashara mmoja wa Unguja. Tukikadiria gunia moja kwa shilingi 200,000, shehena yote ni shilingi milioni 60. Lori linafika Chalinze saa tatu usiku. Dereva na utingo wake wanaliegesha kando ya nyumba ya wageni, wanafunga milango, wanakula na kulala ndani ya nyumba hiyo. Saa kumi alfajiri wanatoka na kukuta mahali patupu. Kifaa cha kufuatilia gari kilitoa ishara ya mwisho saa saba na dakika arobaini, kisha kikanyamaza.

Jambo la kwanza ambalo waandishi wa barua hizi husahau ni kwamba lori moja lililoibiwa ni hasara mbili, na aghlabu kila hasara ina bima yake. Lori lenyewe na tela lake hulindwa na bima ya gari, na kwa kawaida huwa ile ambayo watu huiita bima kubwa, kwa kuwa bima ndogo hulipia madhara waliyopata watu wengine tu. Mchele haumo katika bima hiyo. Mchele hulindwa ama na bima ya mizigo safarini iliyokatwa na mwenye mali, ama na bima ya dhamana ya msafirishaji, ambayo hulipa pale tu msafirishaji anapowajibika kisheria kwa mwenye mzigo. Barua inayotaja namba ya hati ya bima ya gari peke yake haijatoa taarifa yoyote kuhusu mchele. Ikiwa hati hizo mbili ziko kwa makampuni mawili tofauti, ziandikwe barua mbili siku hiyo hiyo. Na ikiwa lori lilinunuliwa kwa mkopo, benki nayo ipate nakala.

Jambo la pili ndilo kiini cha maneno yetu. Mchukuzi anapoomba maelekezo huwa anadhani kwamba wajibu wake umesimama mpaka majibu yafike. Sivyo. Kanuni ya bima, ambayo watu wa pwani na visiwa wanapaswa kuielewa upesi kwa sababu asili yake ni bima ya baharini, ni kwamba aliyekata bima hutakiwa kuiokoa mali yake kwa bidii ile ile ambayo angeitumia kama asingekuwa na bima. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906 iliuandika wajibu huo wazi, na hati nyingi za bima za nchi kavu zina sharti la namna hiyo. Nahodha ambaye jahazi lake linavuja hangoji barua kutoka ofisini ndipo aanze kufua maji.

Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, yapo mambo yanayopaswa kuwa yamekwisha kufanywa. Dereva aripoti kituo cha polisi kilicho karibu na kupata namba ya RB. Ofisi ipige simu kwa kampuni ya bima au kwa wakala wake, na iandike jina la aliyepokea na saa aliyopokea. Namba za usajili za lori na tela, rangi zake na alama zake zipelekwe kwa polisi pamoja na ombi kwamba zifikishwe kwenye vituo vya mizani vya barabara kuu, kama Vigwaza na Mikese, maana lori lililosheheni tani 30 haliwezi kufichwa kwa urahisi kama baiskeli. Funguo zote zihesabiwe. Kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari zihifadhiwe kabla hazijafutika. Barua nzuri huripoti hatua hizi kwanza, kisha ndipo huomba maelekezo.

Tunaamini barua ya kampuni ile ingeweza kusomeka hivi:

"Ndugu Meneja, YAH: KUIBIWA LORI NA SHEHENA YA MCHELE, CHALINZE. Tunathibitisha taarifa tuliyowapa kwa simu leo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lori na tela vyenye namba zilizotajwa hapo juu viliegeshwa Chalinze jana saa tatu usiku na kuonekana havipo leo saa kumi alfajiri. Dereva na utingo walikuwa wamelala ndani ya nyumba ya wageni. Hapakuwa na mtu katika lori. Milango ilikuwa imefungwa. Ufunguo mmoja uko kwa dereva na wa pili uko ofisini kwetu. Yote miwili tumeihifadhi. Polisi wamearifiwa na namba ya RB tumeiandika hapo juu. Tunaambatanisha nakala ya kadi ya gari, leseni ya dereva, hati ya kupakia mzigo, ankara ya mchele na maelezo ya dereva yenye saini yake. Tunaomba mtujibu leo: namba ya dai letu ni ipi, je, mtamtuma mkaguzi, na lini, je, mnaridhia tutoe zawadi kwa atakayesaidia kupatikana kwa lori, na kwa kiasi gani, na tumjibu nini mwenye mzigo, ambaye tumemweleza tukio tu bila kukiri deni? Wakati tunangoja majibu tunaendelea kulitafuta lori kwa kushirikiana na polisi."

Msomaji ataona kwamba maswali ya barua hii yanajibika. Anayeuliza "tufanye nini?" hupewa fomu ya kujaza. Anayeuliza mambo manne yaliyo wazi hupata majibu manne, au hubaki na ushahidi kwamba aliuliza.

Msomaji ataona pia sentensi moja inayouma: "hapakuwa na mtu katika lori." Hapo ndipo vishawishi huingia. Hati nyingi za bima ya mizigo hukataa kulipa wizi wa gari lililoachwa bila mlinzi usiku, isipokuwa liwe ndani ya uzio unaolindwa. Basi hutokea mtu akamshauri dereva aseme kuwa utingo alikuwa ndani ya lori na akatishwa kwa silaha. Ushauri huo ni sumu. Mkaguzi ataizungumzia nyumba ya wageni, ataona daftari la wageni, atalinganisha maelezo yaliyotolewa polisi na yale ya barua. Ukweli mchungu huacha nafasi ya kujadiliana: pengine sharti halikuandikwa katika hati hiyo, pengine linahusu mzigo na si lori. Uongo ukigundulika huipa kampuni ya bima sababu ya kulikataa dai zima, lori na mchele pamoja. Tahadhari hiyo inahusu pia wizi anaoufanya dereva mwenyewe, ambao hati nyingi za mizigo huutenga. Kama ipo dalili hiyo, barua iitaje kama dalili, wala isimhukumu mtu.

Neno kuhusu mwenye mzigo. Mchukuzi muungwana, akiona haya mbele ya mteja wake, hutamani kumwandikia, "Usijali, tutakulipa yote." Hati za bima ya dhamana kwa kawaida humkataza kukiri deni au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni ya bima. Lakini kukatazwa kukiri si kuamriwa kunyamaza. Mfanyabiashara wa Unguja ana haki ya kuelezwa siku ile ile nini kimetokea na wapi, na yeye naye apeleke madai yake kwa mchukuzi kwa maandishi, na kama ana bima yake mwenyewe ya mzigo aiarifu bila kuchelewa.

Sasa tuseme siku ya tatu lori linaonekana limetelekezwa porini, tela lina magunia 150 na mvua inanyesha. Lori lisiwashwe wala kusogezwa kabla ya polisi kulikagua. Lakini mchele usiachwe ulowe kwa kungoja barua: ufunikwe turubai, upigwe picha, uhesabiwe mbele ya shahidi, na kila risiti itunzwe. Kama hati inaruhusu, gharama hizo hurejeshwa. Kisichoruhusiwa ni kuuza mchele huo kwa bei ya kutupa bila ridhaa ya maandishi.

Na hapo hesabu hufunua kosa lililofanywa siku bima ilipokatwa. Tuseme shehena ya shilingi milioni 60 ilikatiwa bima ya milioni 40 ili kupunguza ada. Magunia 150 yaliyopotea yana thamani ya milioni 30. Wengi hudhani kwamba milioni 30 ni chini ya 40, hivyo watalipwa zote. Penye sharti la uwiano, hulipwa theluthi mbili tu, yaani milioni 20, kabla ya kuondoa kiwango ambacho mkata bima hukibeba mwenyewe. Barua iliyoandikwa kwa ufundi wowote haiwezi kuurudisha ule upungufu.

Kwa viongozi na watendaji wa Serikali tuna ombi moja. Taarifa ya polisi ndiyo mhimili wa dai la bima. Ikichelewa wiki kadhaa, mchele huwa umekwisha kuliwa na mfanyabiashara mdogo amekwisha kufunga duka. Kituo kinachotoa nakala ya taarifa upesi, na kinachofikisha namba za lori kwenye mizani na bandarini usiku ule ule, kinamsaidia mwenye mali na kinamzuia mwizi kwa tendo moja. Na kampuni ya bima ikikaa kimya au ikikataa bila sababu, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 imeweka mahali pa kwenda: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huko nako kitakachoulizwa kwanza ni nakala ya barua ile ya siku ya kwanza, iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.