Barua ya mwalimu wa Go: kwa nini uvamizi wako ulikufa

Mwanafunzi wangu,

Nimeupitia tena mchezo wako wa jana. Kete mbili nyeusi zilikaa kwenye mstari wa tatu, katikati yake makutano 5 matupu. Uliweka kete nyeupe pale katikati kabisa, ukidhani uwazi ule unatosha.

Hesabu nami. Ili kundi lipate makao ukingoni, kete moja huhitaji kujinyoosha kwa kuruka makutano mawili. Kila upande ulikuwa na mawili tu, na kete ya adui ikafuata. Kuruka moja kungekugandisha kwenye kete yake. Hukuwa na mahali pa kujenga macho mawili, na kundi lisilo nayo huishi kwa kukimbia. Mpinzani alikufunika kwenye mstari wa tano, ukakimbia, naye kila alipokufukuza alijenga ukuta. Hata ungetoroka, angekuwa ameshalipwa.

Ungegusa bega: kete kwenye mstari wa nne, kimshazari juu ya kete yake moja, upande wa ndani. Akisukuma kwenye mstari wa tatu, wewe nyoosha kwenye wa nne. Atapata mistari miwili ya chini, eneo dogo, nawe utapata nguvu kuelekea katikati, bila kundi la kulinda.

Uvamizi ungefaa kama makutano yangekuwa 7 au zaidi, au kete zako zingekuwa karibu kukupokea. Siku ile hakukuwa na lolote kati ya hayo.

Rudia hesabu hiyo kabla ya kuingia eneo la mtu.